Si Ng'ombe Yeyote

Wajukuu zangu hunicheka kwamba nasoma gazeti na kalamu mkononi. Na wacheke. Juzi nilikuta tangazo limeandikwa "mtu yoyote", nikalipiga mstari mpaka karatasi ikatoboka. Mtu ni yeyote! Nyumba ndiyo yoyote, safari ndiyo yoyote. Mtu hajawa nyumba. Mjukuu wangu mkubwa akasema, "Bibi, si wanaelewana tu?" Wanaelewana, ndiyo, hata mbuzi wanaelewana. Neno hilo moja liliwahi kukaribia kuniozesha kwa mwenye duka la Nyahanga, ndiyo maana sina subira nalo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nami nikiwa mwalimu wa majaribio katika shule ya Tinde. Kwetu ni Ushirombo. Sisi ni Wasumbwa, Wakatoliki wa kusali asubuhi na jioni, na baba yangu alikuwa mkulima wa mihogo na karanga aliyeamini kuwa binti akijua kusoma sala inatosha. Masista ndio waliomshawishi mpaka akaniacha nisomee ualimu. Lakini kumaliza chuo hakukuwa mwisho. Cheti ulikipata baada ya mkaguzi wa shule kuja kukaa nyuma ya darasa lako na kukuona ukifundisha. Akiridhika, wewe ni mwalimu. Asiporidhika, wewe ni msichana mwenye chaki.

Mara ya kwanza hakuridhika. Watoto wangu walikaa kama magunia ya pamba, nikiuliza hawajibu, nikiomba mmoja asimame wanatazama miguu yao. Mkaguzi, ambaye alikuwa mtu wa Pwani, mrefu, soksi zimevutwa mpaka magotini, alifunga mkoba wake akasema, "Mwalimu, darasa lako ni bubu. Nitarudi mara moja nyingine tu." Akapanda pikipiki yake akaondoka. Nililia nyuma ya choo cha shule mpaka pua ikavimba.

Nilipokwenda nyumbani likizo, nikakuta wazee wa kiume wamekwisha kuja kutoka Nyahanga kunichumbia. Bwana mwenyewe alikuwa na duka, baiskeli mbili, na kicheko kama cha mtu aliyepaliwa na ugali. Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Lakini alitaka mke wa kukaa dukani, na alisema wazi kwamba mambo ya chaki yaishe. Baba aliniita uani, akaniambia, "Mwanangu, mimi nimewaambia wasubiri. Mkaguzi akija tena ukafaulu, nitawarudisha na ng'ombe wao. Ukishindwa, nitawaitikia, na usije ukanililia." Baba yangu akisema hivyo, amesema. Nikarudi Tinde na jambo moja tu kichwani. Ama nifaulu, ama nikapime sukari ya robo nyuma ya kaunta maisha yangu yote.

Mwalimu Mkuu wa shule yetu alikuwa mzee wa Tabora, Mwislamu mcha Mungu, wa kanzu nyeupe kila Ijumaa na utani siku zote. Yeye na mimi tulikuwa na ugomvi wetu mtamu, na ugomvi wenyewe ni huo huo wa neno langu. Siku hizo vitabu vya shule viliandika kwa kutenganisha: ye yote, cho chote, lo lote, po pote. Maneno mawili, na nafasi katikati. Siku hizi vitabu vimeunganisha, na mtoto wa leo ukimwonyesha "cho chote" atadhani kalamu ilimteleza mtu. Lakini wakati ule ukiunganisha katika mtihani, umekosa.

Mimi nilikuwa siwezi kulivumilia hilo. Nilimwambia, "Shikamoo mzee. Hebu niambie, hiyo 'cho' peke yake ina maana gani?"

"Marahaba, binti yangu. Asubuhi yote hii, hata chai sijanywa?"

"'Chote' naijua. Kitabu chote, maana yake kuanzia jalada mpaka jalada. 'Chochote' naijua pia, kitabu hiki au kile, ni sawa tu. Lakini 'cho' ikisimama peke yake inasema nini?"

"Inasema mwalimu wa majaribio ana maneno mengi."

"Na mbona tunatamka kwa pumzi moja? Tunakazia katikati, cho-CHO-te. Hakuna mtu anayesema 'cho', akapumzika, akameza mate, ndipo aseme 'chote'. Na huwezi kutia neno jingine hapo katikati, hata ujaribu vipi."

Mzee alikoroga chai yake. "Yote uliyosema ni kweli," akasema. "Na kitabu ni kitabu. Andika kama kitabu, tamka kama mtu, upate cheti chako. Ukishakuwa mzee kama mimi utaunganisha unavyotaka." Nilinuna, lakini nilijua ananitakia mema.

Upatanisho wenyewe hatukugombania, maana huo ni sheria ya lugha, si ya mwandishi wa kitabu. Jina ndilo linaloamuru. Kiti chochote, viti vyovyote. Jembe lolote, majembe yoyote. Mti wowote, miti yoyote. Nyumba yoyote, nyumba zozote. Mahali popote. Na viumbe vyenye uhai vina njia yao. Mtu yeyote, ng'ombe yeyote, rafiki yeyote, na wakiwa wengi ni wowote. Taabu ilikuwa kwa watoto wangu. Nyumbani walisema Kisukuma, na Kiswahili walichosikia nje ya shule kililetwa na baba na kaka zao waliokwenda kuchimba dhahabu Geita. Huko machimboni watu wa kila kabila walikutana, na wakifika kwenye neno hili wote walikimbilia mahali pamoja. Mtu yoyote, kitu yoyote, mahali yoyote, koleo yoyote. Neno moja kwa kazi zote, mradi zamu iishe watu wakalale. Siwalaumu, lakini mimi ndiye niliyeachiwa kufagia.

Basi habari ya mkaguzi ikaja kupitia kwa Mwalimu Mkuu. Atafika Alhamisi, na somo amelichagua yeye mwenyewe. Mzee alinitajia huku anakuna kidevu. "Darasa la Tatu. Kiswahili. Yeyote, chochote na ndugu zao wote, kusema na kuandika." Kisha akacheka. "Huyu bwana hana huruma, wallahi."

Nilijipa ujasiri. Chuoni masista walitufundisha kwamba mtoto hujifunza kwa kushika. Nikakusanya kapu zima la vitu, vikombe, vibuyu, miiko, kitana, jembe lisilo na mpini, kipande cha shuka, chungu kidogo cha mboga. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nitaweka vitu mezani, nitamwambia mtoto, "Chukua kitu chochote," naye atachukua na kusema, "Nimeambiwa nichukue kitu chochote, nimechukua kikombe hiki." Watachangamka, mkaguzi atafurahi, na mwenye duka atarudi na ng'ombe wake Nyahanga. Nililala usingizi mzuri ajabu, usingizi wa mjinga.

Alhamisi mkaguzi akaja. Vumbi la pikipiki lilipotulia, akaingia, akakaa nyuma kwenye kiti alichoandaliwa, kofia yake kichwani, mkoba magotini. Darasa la Tatu la siku zile halikuwa la vitoto vya leo. Humo mlikuwa na wasichana waliokwisha kuanza kusuka mikeka ya ndoa, na wavulana wawili watatu waliokuwa na ndevu changa, waliochelewa shule kwa sababu ya kuchunga. Wote walisimama, "Shikamoo, mwalimu," kisha wakakaa.

Nikamwita msichana wa mbele, binti mpole, hodari wa hesabu. "Njoo mezani. Chukua kitu chochote."

Akaja. Akasimama. Akatazama vitu. Akanitazama mimi. Akakunja mikono nyuma.

"Chukua, usiogope. Chochote."

Akapiga goti kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Nipe wewe, mwalimu, unachotaka kunipa."

Nikamrudisha. Nikamwita mvulana mmoja wa ndevu. Naye hivyo hivyo. Akaangalia dari, akasema, "Utakachonipa nitapokea." Nikaita wa tatu. Huyo hakunyanyuka kabisa, alitikisa kichwa tu. Lo! Jasho likanitoka kwapani. Darasa bubu tena, na nyuma kule nasikia kalamu ya mkaguzi inakwaruza.

Ndipo nikaelewa, na nilipoelewa nilitaka kujipiga kofi. Walikuwa na adabu! Kwetu sote, kwa Wasukuma na kwa sisi Wasumbwa, mtoto akiambiwa na mkubwa achague, hachagui. Ukikaribishwa chakula ukaulizwa unataka kipande gani, unasema nipe chochote, na hicho chochote anakuchagulia mwenye nyama. Mtoto anayenyoosha mkono na kuteua mbele ya mkubwa ni mtoto asiye na mama. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, nilipigwa fimbo ya mkwaju mkononi kwa kuteua paja la kuku siku ya Krismasi. Nilikaa kwa masista miaka michache tu, nikasahau nilikotoka, nikaleta mtego wa kuwaaibisha watoto waliolelewa vizuri.

Hasira ikanipanda, hasira ya kujichukia mwenyewe, na mimi hasira yangu hutokea mdomoni. Nikapiga meza. "Hivi ninyi! Angekuja mtu kumposa dada yenu, akasema atatoa ng'ombe yeyote, mngekaa kimya hivi hivi?"

Kisha yule mvulana wa ndevu akainuka kama amechomwa na siafu. "Ng'ombe yeyote? Hapana, mwalimu!"

"Kwa nini hapana?"

"Ataleta kilema!"

"Ataleta aliyezeeka!" akadakia mwingine kutoka dirishani.

"Ataleta wa kukopa, kesho mwenyewe anakuja kumchukua," akasema yule binti mpole wa hesabu, na sauti yake sasa haikuwa ya chini hata kidogo. Darasa zima likaangua kicheko, wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Mungu wangu, nilitaka kuwabusu. Nikasukuma kapu langu la vibuyu chini ya meza kwa mguu. Nikaligawa darasa katikati, upande wa madirisha ni wa kwa bwana harusi, upande wa ukuta ni wa kwa binti. "Haya, jadilianeni. Wa kwa bwana, ninyi ni wabahili, mnataka kutoa chochote kile mnachojisikia. Wa kwa binti, ninyi hamkubali ovyo. Kila mtu aseme sentensi kamili, na neno letu liwemo."

Wasiowajua Wasukuma hawajui mahari inavyojadiliwa. Hapo ndipo adabu ya kuchagua inapogeuka. Mtoto hachagui nyama, lakini ukoo huchagua ng'ombe, na huchagua kwa macho manne. Wanatazama kwato, wanatazama meno, wanauliza mama yake alizaa mara ngapi. Na mazungumzo yenyewe yana sheria. Atakayekosea neno au adabu, upande wa pili unamtoza faini, na faini hulipwa hapo hapo, la sivyo mazungumzo husimama. Watoto wale walikuwa wameyasikia hayo tangu wakiwa mgongoni.

Mzungumzaji wa kwa bwana akaanza, amejishika kiuno kama mzee. "Sisi tumekuja na heshima. Tutaleta mbuzi yeyote mtakayemtaka, na jembe lolote, na shuka lolote."

"Shuka lolote hatutaki," wakajibu ukuta. "Shuka jipya! Na chungu chochote msilete, tuna vyungu vyetu."

"Basi tutaleta unga wowote."

"Unga wowote una wadudu! Mtama mweupe!"

"Tutakuja siku yoyote mtakayosema."

"Hamwezi kuja siku yoyote. Siku za kulima hamji."

Mimi nilikuwa nakimbia ubaoni nikiyaandika majina kushoto na neno letu kulia, na niliyaandika kama kitabu, lo lote, cho chote, wo wote, yo yote. Chaki ilinivunjikia mkononi mara mbili. Mmoja wa upande wa madirisha, ambaye baba yake alikuwa machimboni Geita, akasema, "Tutaleta kitu yoyote." Ukuta wote ukapiga kelele, "Faini! Faini! Kitu ni chochote!" Akalazimika kuvuka na kuwasalimia wale wa ukuta kwa Kisukuma na kwa adabu, amepiga goti, "Mwangaluka," nao wakaitikia kwa maringo yote. Akarudi anacheka. Hakusema tena kitu yoyote, na nadhani mpaka anaingia kaburini hakusema.

Kisha msichana mmoja wa ukuta, mdogo kuliko wote, akanyoosha kidole nyuma ya darasa. "Mwalimu, yule mzee wa kwa bwana amekaa na kofia katika mazungumzo."

Nikageuka. Alikuwa anamwonyesha mkaguzi! Kiti chake kilikuwa upande wa madirisha, basi kwa hesabu ya mtoto alikuwa mzee wa kwa bwana harusi. Damu ilinikauka.

Mkaguzi aliinua macho kutoka kwenye mkoba wake. Akaitoa kofia taratibu, akaiweka juu ya magoti. "Nimekosa," akasema. "Nitozwe faini gani?"

Ukuta wakanong'onezana. Kisha yule mdogo akasema, "Utuongezee ng'ombe."

"Ng'ombe yeyote?"

"Siyo yeyote!" Darasa zima lilijibu, madirisha kwa ukuta, mpaka kuku wa jirani wakaruka. Mkaguzi alicheka akafuta macho. Mimi nilishika ukingo wa ubao, sijui kwa hofu au kwa furaha.

Ulipofika wakati wa kuandika, wakatoa vibao vyao. Binti wa hesabu alinyoosha mkono. "Mwalimu, mbona neno umelikata? Mdomoni halikatiki."

Hapo nilijua nimenaswa na mtego wangu mwenyewe. Swali lake ndilo lile lile nililomsumbua nalo Mwalimu Mkuu kabla hajanywa chai. Mkaguzi alikuwa ameegemeza kidevu mkononi, ananisikiliza. Nikamwambia yule mtoto ukweli mtupu. "Umesikia vizuri. Mdomoni ni neno moja. Kitabu chetu kinaliandika mawili, na mtihani wako utasahihishwa kwa kitabu hicho, kwa hiyo leo tutaacha nafasi. Lakini usiache kusikia unachokisikia." Akaitikia kwa kichwa, akaandika kwa nafasi, ingawa midomo aliikunja.

Kengele ilipolia nilitoka nje na mkaguzi mpaka kwenye pikipiki. Mwalimu Mkuu alijifanya anapanga mawe ya maua karibu nasi, na maua yenyewe hatukuwa nayo. Mkaguzi alivaa glavu zake, kidole kimoja kimoja, mpaka nikataka kumvalisha mwenyewe.

"Nilipokuja mara ya kwanza niliwaita bubu," akasema. "Leo nimetozwa faini. Umefaulu, mwalimu."

Nikasema asante.

"Na ubaoni umetenganisha kama kitabu. Vizuri. Ila yule binti ana haki. Mimi kwetu ni Pwani, nimezaliwa nalo neno hilo, na sijawahi kumsikia mama yangu akipumzika katikati yake."

"Basi, bwana mkaguzi, kwa nini tunaendelea kulitenganisha?"

"Kwa sababu mimi ni mkaguzi, si mama yangu," akasema, akapiga pikipiki teke ikawaka. Mwalimu Mkuu aliacha mawe yake, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Alhamdulillahi," na kabla hajaniachia akaongeza, "Sikukwambia? Kitabu ni kitabu." Hata siku vitabu vilipokuja kubadilika na kuunganisha, miaka mingi baadaye, mzee yule aliendelea kutenganisha. Alisema sasa ni mazoea, na mazoea yana tabu.

Jumamosi nilipata lori la pamba mpaka Kahama, na kutoka hapo nikasafiri kwa miguu na kwa rehema za watu mpaka nyumbani. Nilidhani nitampa baba habari njema tukiwa wawili. Wapi! Nilikuta viti vimetolewa uani, na wazee watatu wa Nyahanga wamekaa kivulini mwa ghala, wamefuata jibu lao. Mama aliponiona alishika mdomo. Baba alinitazama usoni.

"Nimefaulu, baba," nikasema.

Akashusha pumzi. Nilitegemea awageukie wageni na kuwaambia yeye, maana ndivyo ilivyo. Binti hazungumzi mahali pa mahari, hata kupita karibu anapita ameinama. Badala yake akasema, mbele yao wote, "Sasa njoo hapa. Waambie wewe mwenyewe. Useme unalotaka, lolote lile, nami nitalisimamia."

Nawaambia, mbele ya mkaguzi sikuogopa kama pale. Nilisimama nimekunja mikono nyuma, natazama vumbi, na lililonijia mdomoni lilikuwa "sema wewe, baba, unalotaka." Lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Yule mzee mkubwa wa Nyahanga alikuwa ananitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mbuzi amefungwa.

Nikalimeza. Nikapiga goti, nikawaamkia, wakaitikia. Nikasema, "Babu zangu, nawashukuru kwa heshima mliyonipa. Kijana wenu ni mtu mwema. Nitaolewa, siku moja, Mungu akipenda. Lakini siyo sasa, na nitamchagua mwenyewe. Nataka kufundisha."

Mama aliingia jikoni haraka, nikasikia sufuria inaanguka.

Mzee mkubwa alimgeukia baba, siyo mimi. "Ndugu yangu," akasema, "ng'ombe wetu ni wazuri."

"Ng'ombe wenu hawana kosa," baba akasema. "Sikuwauliza ng'ombe."

Mzee akapiga mkongojo wake chini. "Tumekubali. Lakini binti amesema mahali pa mahari, na aliyemruhusu ni wewe. Ukoo wetu hautaondoka hapa bila faini."

"Mna haki," baba akasema, akainuka papo hapo.

Tulikuwa na kuku wengi, wengine mitetea wakongwe ambao hata wezi hawakuwataka. Baba angeweza kukamata mmoja kati ya hao na wageni wasiseme neno. Nilimwona akiwapita wote. Alimwendea jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa akimlisha kwa kiganja chake na kumsifia kwa kila mpita njia, na jogoo mwenyewe hakukubali kirahisi, kwa hiyo mzee wangu mzima, mwenye mgongo mbovu, akamkimbiza akilizunguka ghala, shati limechomoka, wageni wanacheka, mpaka akamnasa kwa mbawa. Akamkabidhi yule mzee kwa mikono miwili, anahema, uso umejaa vumbi na furaha.

Mimi nililia pale pale, mbele ya wageni, nimeshindwa hata kuficha uso.